Mtoto Arudi Kliniki Lini?

Kadi ya kliniki ya mtoto huwa na tarehe za aina mbili. Ipo tarehe ambayo chanjo ilitolewa, na ipo tarehe ya kurudi. Mzazi huishika hii ya pili, na akiikosa ndipo maswali yanapoanza. Dozi ya kwanza imepotea? Tutaanza upya? Mwingine ana swali la kinyume: wiki ijayo anasafiri kwenda kwao, je, anaweza kumpeleka mtoto leo, kabla ya tarehe, ili amalize mapema?

Kwa sehemu kubwa ya ratiba, maswali haya mawili yana majibu yasiyofanana hata kidogo. Aliyechelewa anaendelea pale alipoishia, na dozi zote za nyuma zinahesabiwa. Aliyewahi ndiye anayeweza kupoteza dozi. Wazazi wengi huogopa kinyume chake, wakidhani kwamba kuwahi ni bidii na kuchelewa ni kuharibu, hivyo aliyechelewa huona aibu na kukaa nyumbani kabisa, na hapo ndipo hasara yenyewe inapoanza.

Tuchukue ratiba ya Tanzania, ambayo kwa sehemu kubwa inafanana na za majirani. Mtoto akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu, BCG, kwenye bega la kulia, na matone ya polio ya mwanzo. Akifika wiki 6 anapata matone ya polio tena, matone ya rota ya kuzuia kuhara, sindano ya penta kwenye paja la kushoto na ya PCV kwenye paja la kulia. Penta imebeba kinga tano katika sindano moja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. PCV nayo ni ya bakteria mwingine anayeleta nimonia. Mtoto hurudi kwa dozi ya pili akiwa na wiki 10, na ya tatu akiwa na wiki 14, ambapo huongezewa sindano ya polio, IPV. Kisha kuna kimya kirefu mpaka miezi 9, anapochomwa ya surua na rubela, na anairudia akiwa na miezi 18.

Angalia kwamba nusu ya kwanza ya ratiba inahesabiwa kwa wiki na nusu ya pili kwa miezi. Hilo si jambo la mapambo. Wiki 6 ni siku 42 kamili, si mwezi mmoja na nusu wa kukadiria, na wiki 14 ni siku 98, si miezi mitatu na kidogo. Kuna urahisi mmoja hapa ambao manesi wazoefu huutumia bila kuusema: kwa kuwa wiki haibadilishi siku, mtoto aliyezaliwa Alhamisi atatimiza wiki 6, 10 na 14 siku za Alhamisi. Ukiona tarehe ya kurudi imeangukia Jumatano, ama imehesabiwa vibaya au nesi ameipanga kwa makusudi kufuata siku za kliniki. Upo uwezekano pia kwamba mtoto alichelewa ziara iliyopita, na hesabu yake sasa inaanzia siku nyingine.

Tuifanye hesabu yenyewe. Mtoto wetu wa mfano amezaliwa Alhamisi, 6 Machi 2025. Wiki 6 zinatimia Alhamisi 17 Aprili. Wiki 10 ni 15 Mei, na wiki 14 ni 12 Juni. Miezi 9 inahesabiwa kwa tarehe ya kalenda, yaani 6 Desemba 2025, ambayo ni Jumamosi. Miezi 18 inatimia 6 Septemba 2026, nayo ni Jumapili. Kama kliniki yenu haifunguliwi siku hizo, mtoto anapelekwa Jumatatu inayofuata, si Ijumaa iliyotangulia. Mzazi anayesogeza miadi ya benki au ya fundi huona siku moja nyuma na siku moja mbele ni sawa tu. Kwenye chanjo si sawa, kwa sababu tarehe ile ndiyo ya kwanza inayoruhusiwa. Ni mwanzo wa kipindi ambacho kwa chanjo nyingi hubaki wazi kwa muda mrefu.

Mama wa mtoto huyu alimleta 17 Aprili bila kukosea. Mwezi wa Mei kukatokea msiba kijijini, akasafiri, 15 Mei ikapita, hata 12 Juni ikapita. Amerudi mjini na kumleta mtoto kliniki Alhamisi 26 Juni. Mtoto ana wiki 16, na kadi yake ina dozi moja tu ya penta. Mazungumzo ya mezani huwa mafupi:

“Nesi, nimechelewa sana. Si itabidi tuanze moja?”

“Hapana mama. Ile ya Aprili ipo palepale. Leo anapata ya pili.”

“Na ya tatu? Kadi inasema tarehe 12 Juni, imeshapita.”

“Hiyo tunaikata. Hesabu wiki nne kuanzia leo.”

Wiki nne kutoka 26 Juni ni 24 Julai 2025. Mtoto atakuwa na wiki 20, na kwa upande wa penta na PCV atakuwa amekamilisha sawasawa na mwenzake aliyemaliza 12 Juni. Hakuna dozi ya nyongeza wala ya adhabu. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani kwa aliyekatisha ni hiyo: endelea ulipoishia, usirudie zilizokwisha kutolewa, na acha angalau wiki nne kati ya dozi na dozi.

Sababu yake imo mwilini. Dozi ya kwanza inapoingia, mwili huutambua ugeni na kuanza kuzalisha kingamwili, lakini kazi kubwa zaidi inafanyika kimya katika matezi. Huko chembe maalumu huchujwa, zile zinazomfahamu adui vizuri hubakizwa na kuwa chembe za kumbukumbu. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Dozi ya pili ikija wakati chembe hizo ziko tayari, mwitikio huwa mkubwa na wa haraka kuliko wa kwanza. Ikija baada ya miezi, chembe bado zipo zikisubiri, kwa kuwa umri wao ni mrefu. Ikija mapema mno, huwakuta wanafunzi bado darasani, na kingamwili za dozi ya kwanza zinaweza hata kuimeza ya pili kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana wiki nne, siku 28, ni kiwango cha chini, na hakuna kiwango cha juu kinachofuta dozi iliyotangulia.

Sasa tumgeuze mama yuleyule. Badala ya kuchelewa, amejua mapema kwamba atasafiri, naye anamleta mtoto tarehe 8 Mei, wiki tatu tu baada ya dozi ya kwanza. Nesi makini atamwambia amlete siku yake, au aende na kadi akachanjwe huko aendako, kwa kuwa ratiba ya taifa ni moja na kituo chochote cha serikali kinaisoma kadi ileile. Nesi aliyezidiwa na foleni akichoma bila kuhesabu, dozi ile ya siku 21 haihesabiki. Itarudiwa wiki nne baada ya siku iliyotolewa, yaani 5 Juni. Mama aliyetaka kupunguza safari moja amejiongezea moja, na mtoto ameongezewa sindano.

Nisieleweke kwamba kuchelewa ni bure. Hesabu ya dozi humsamehe aliyechelewa, lakini kifaduro hakimsamehi. Ugonjwa huo huua zaidi watoto wachanga, hasa wa miezi ya mwanzo, na ndiyo sababu ratiba inaanza mapema kiasi kile na kubana dozi tatu ndani ya wiki nane. Mtoto wetu alikaa wiki sita za nyongeza akiwa na dozi moja tu, na katika muda huo alikuwa amelindwa nusunusu. Kwa hiyo anayekuja kuchelewa apokewe siku hiyohiyo. Kumwambia “rudi Jumatatu ijayo ndiyo siku ya penta” ni kumwongezea muda wa hatari na kumpa nafasi ya kupotea tena.

Kuna jambo katika ziara ile ya 26 Juni ambalo hupita bila kuonekana. Kwa kawaida IPV huandikwa pamoja na penta ya tatu, kwa sababu zote ni za wiki 14. Nesi akiisoma kadi kwa mistari atasema: leo ni penta ya pili, kwa hiyo IPV bado. Lakini IPV haifuati namba ya penta. Inafuata umri, na mtoto mwenye wiki 16 ameshavuka wiki 14. Anaweza kuchomwa leoleo, kwenye paja la kulia, umbali wa sentimita mbili na nusu kutoka ilipochomwa PCV. Akiambiwa asubiri 24 Julai na kisha asirudi, atakuwa ameikosa kinga iliyokuwa kwenye jokofu hatua chache kutoka alipokaa. Kwa hiyo kila ziara iulizwe maswali mawili: dozi ipi inafuata, na umri wa leo unaruhusu nini kingine.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, umri huo unahesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa, si siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Njiti aliyezaliwa miezi miwili mapema anastahili penta yake wiki 6 baada ya kutoka tumboni, hata kama bado anaonekana mdogo kuliko wenzake. Wazazi wengi humpa miezi miwili ya ziada ili “akomae kwanza”, wakati yeye ndiye anayehitaji kinga mapema.

Sasa tuje kwenye chanjo zenye mlango unaofungwa, kwa maana kanuni ya “endelea ulipoishia” ina mipaka yake.

Mlango wa kwanza kufungwa ni wa matone ya polio ya kuzaliwa. Hutolewa ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kwenye kadi huhesabiwa kama dozi sifuri. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na kuletwa akiwa na wiki 5 hapewi tena hiyo. Anasubiri wiki 6 aanze na dozi ya kwanza, na nafasi ya sifuri inabaki wazi bila madhara ya kudumu. Mzazi akiona kisanduku kitupu asidhani mtoto ana deni.

Chanjo ya rota ina historia yenye mvutano. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu chanjo ya kwanza ya rota, na mwaka uliofuata ikaiondoa sokoni, kwa sababu watoto wachache walipata tatizo la utumbo kuingia ndani ya utumbo, ambalo huziba njia na huhitaji matibabu ya haraka. Tatizo hilo hutokea lenyewe kwa watoto, zaidi kuanzia miezi ya katikati ya mwaka wa kwanza, na watafiti waliogopa kuchanganya dozi ya kwanza na umri huo. Chanjo mpya zilipokuja, ambazo ndizo zinazotumika sasa, ziliwekewa ukomo: dozi ya kwanza kabla ya wiki 15, ya mwisho kabla ya wiki 32. Baadaye, mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliulegeza ukomo huo. Katika nchi ambako watoto huchelewa kliniki, ukomo ule ulikuwa unawanyima chanjo watoto ambao kuhara kungeweza kuwaua, na faida ya kuwachanja ilizidi hatari ile ndogo. Sasa shirika hilo linashauri ianze mapema iwezekanavyo baada ya wiki 6, pamoja na penta, na isitolewe kwa mtoto aliyevuka miezi 24, kwa kuwa kufikia hapo mzigo mkubwa wa ugonjwa umeshapita. Marekani imebaki na ukomo wake. Ndiyo maana wazazi wawili wanaweza kupata majibu tofauti kuhusu mtoto wa wiki 16 ambaye hajaanza rota, na kila aliyejibu akawa na karatasi ya kumtetea. La kufuata ni mwongozo wa nchi mliyopo.

Mtoto mkubwa wakati mwingine huhitaji dozi chache kuliko mchanga, jambo linaloshangaza wengi. Kwa Hib, mtoto anayeanza baada ya mwaka mmoja hutosheka na dozi moja, kwa sababu kinga yake imekomaa na hujibu vizuri zaidi kuliko ya mtoto wa wiki 6. Kifaduro cha aina iliyomo kwenye penta nacho hakitolewi kwa mtoto wa miaka 7 na kuendelea. Huyo hupewa chanjo nyingine ya pepopunda na dondakoo. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne ambaye hajawahi kuchanjwa hapewi ratiba ya mchanga iliyosogezwa mbele. Anapangiwa yake, naye ni wa kuletwa mezani hata kama mzazi anadhani muda umekwisha. Baada ya vurugu za Uviko-19, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Gavi walianzisha juhudi za pamoja kwa ajili ya watoto wa umri huo hasa, waliovuka mwaka mmoja bila kufikiwa.

Surua ndiyo inayohitaji kuelezwa taratibu zaidi. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Zinamlinda miezi ya mwanzo, lakini pia huiua chanjo ya surua, ambayo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ukichanja mapema sana, kingamwili za mama huimaliza chanjo kabla mtoto hajajifunza kitu. Ukisubiri sana, kinga ya mama inaisha na surua inamkuta wazi. Miezi 9 ni mapatano kati ya hatari hizo mbili katika nchi ambako surua bado inazunguka. Kwa umri huo, takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga kwa dozi ya kwanza. Ukisubiri hadi mwaka mmoja wanafika karibu 95, lakini miezi mitatu hiyo ina gharama yake.

Kutokana na hesabu hiyo utaona kwamba dozi ya miezi 18 si ya kuongeza nguvu kwa wote. Kazi yake kubwa ni kuwapata wale 15 ambao dozi ya kwanza haikuwashika, na hakuna mtu anayeweza kuwatambua kwa kuwatazama. Mzazi anayesema “alishachanjwa surua, inatosha” hajui mtoto wake yumo kwenye kundi gani.

Mtoto asiyepata ya miezi 9 akaletwa na miezi 14 anachanjwa siku hiyo, kisha anarudi miezi 18 kama kawaida. Akiletwa na miezi 20 bila dozi yoyote, anachanjwa siku hiyo na kurudi baada ya wiki nne. Tarehe ya dozi ya pili ya surua, kwa hiyo, ni ile inayokuja baadaye kati ya mbili: siku anayotimiza miezi 18, au wiki nne baada ya dozi ya kwanza. Na kama kuna mlipuko wa surua mtoto akachanjwa akiwa na miezi 6, dozi hiyo humkinga kwa wakati huo lakini kwenye kadi ni sifuri. Miezi 9 inabaki palepale, na miezi 18 pia. Kampeni nazo huchanganya watu. Mtoto akichanjwa surua kwenye kampeni wiki iliyopita, dozi yake ya miezi 18 isogezwe mpaka wiki nne zipite, na ni mzazi ndiye anayepaswa kulisema hilo mezani, kwa kuwa dozi ya kampeni mara nyingi haiandikwi kwenye kadi ya kliniki.

Wazazi hulalamika kwamba walifika siku sahihi wakaambiwa warudi. Mara nyingi sababu ni kichupa. BCG huja ikiwa unga katika kichupa cha dozi 20, na ya surua na rubela katika kichupa cha dozi 10. Unga ukishachanganywa na maji yake, muda wa kutumika ni saa 6 tu, kisha kilichobaki kinamwagwa. Penta ya maji haina shida hiyo. Kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika mpaka siku 28 kikitunzwa ipasavyo kwenye jokofu. Basi kituo kidogo chenye mtoto mmoja wa miezi 9 husita kufungua kichupa cha dozi 10 kwa ajili yake, na humwambia mama arudi Jumatano wenzake watakapokuwepo. Shirika la Afya Duniani linashauri kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa dozi tisa zinazomwagwa ni nafuu kuliko mtoto mmoja anayepotea, lakini nesi anayeulizwa na wilaya kuhusu upotevu naye ana hoja yake. Mzazi anachoweza kufanya ni kuuliza mapema siku ya surua ni ipi katika kituo chake, na kuchagua ya kwanza baada ya miezi 9 kutimia.

Kadi ikipotea, kanuni ni kali: kisichoandikwa hakikutolewa. Hata hivyo kuna sehemu za kutafuta kabla ya kuanza upya. Kituo alikochanjwa kina rejista ya watoto, na katika mikoa ambako mfumo wa kielektroniki wa TImR umeanza kazi, rekodi ya mtoto inaweza kutafutwa kwenye kompyuta. Kwa BCG, mwili wenyewe hutunza kumbukumbu: kovu dogo la mviringo. Kwa mtoto aliyechanjwa Tanzania litafute juu ya mkono wa kulia. Kwa aliyechanjwa Kenya litafute kwenye kigasha cha kushoto, na wapo watoto wa mpakani walioonekana hawana kovu kwa sababu tu nesi alitazama mkono usio wake. Kovu likikosekana kabisa si ushahidi kwamba chanjo haikufanya kazi, kwa kuwa baadhi ya watoto hawaachi alama. Kama rekodi hazipatikani popote, kurudia penta au surua hakumdhuru mtoto mzima wa afya. Kwa hiyo piga picha kurasa zote za kadi kwa simu kila baada ya ziara, na umtumie mtu mmoja wa familia.

Anayependa kuweka hesabu kwenye kompyuta anahitaji mistari michache tu. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa kwenye A2, penta ya kwanza iliyotolewa kwenye B2, na surua ya kwanza iliyotolewa kwenye F2, basi penta ya kwanza, penta ya pili, IPV, surua ya kwanza na surua ya pili zinafuatana hivi:

```
=A2+42
=B2+28
=A2+98
=EDATE(A2,9)
=MAX(EDATE(A2,18),F2+28)
```

Tazama kwamba penta ya pili inahesabiwa kutoka dozi ya kwanza ilivyotolewa kweli, haihesabiwi kutoka siku ya kuzaliwa. Ratiba nyingi zilizochapwa kwenye kalenda za ukutani hukosea hapo. Hupanga tarehe zote siku mtoto anapozaliwa na hazijui kwamba mama alichelewa, hivyo humwonyesha tarehe ya tatu wakati ya pili haijatolewa.

Kwa familia zinazohamia Marekani, kadi hii husomwa kwa kanuni nyingine, na ni vizuri kujua kabla ya kugombana na ofisi ya shule. Kule dozi ya surua huhesabika ikiwa imetolewa kuanzia siku ya kuzaliwa ya kwanza, kwa hiyo ile ya miezi 9 huwekwa kando na mtoto huanza upya na chanjo yao, ambayo ina matubwitubwi pia. Matone ya polio yaliyotolewa kuanzia 1 Aprili 2016 hayahesabiki kwao, kwa sababu mwezi huo dunia iliondoa aina ya pili ya kirusi kwenye matone. Sindano ya IPV, iliyobaki na aina zote tatu, inahesabika. Wana pia msamaha wa siku nne kwa dozi iliyotolewa mapema kidogo, ambao hauandikwi kwenye ratiba yetu.

Kabla ya safari, mwombe nesi aandike upya tarehe zote akitaja mwezi kwa jina. Wamarekani hutanguliza mwezi. Mtoto wetu wa 06/03/2025 kwao amezaliwa tarehe 3 Juni, penta yake ya 17 Aprili ilitolewa kabla hajazaliwa, na surua ya 08/12/2025 itasomwa 12 Agosti, akiwa na miezi miwili.